Kejeli ya Majigambo katika Shairi la "Mamba" la Abdilatif Abdalla

Mwaka 1969 Abdilatif Abdalla alifungwa kwa kuandika "Kenya: Twendapi?", waraka ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Miongoni mwa mashairi aliyoyatunga gerezani, yaliyochapishwa katika diwani ya Sauti ya Dhiki (1973), limo "Mamba", ambalo kejeli yake imejengwa juu ya sifa.

Mshairi haanzi kwa kumtukana mamba, anamwacha ajikweze. Kila mshororo una kipande cha mizani 4 kinachofuatwa na cha mizani 8. Katika ubeti wa majigambo, kipande kifupi kinataja kujitapa, kisha kirefu kinakuza majivuno hayo hadi mamba adai kwamba ataishi milele. Chuku hiyo haihitaji kukanushwa, maana msikilizaji yeyote anajua kwamba mamba hufa.

Ubishi wa kishujaa unaodhihakiwa hapa una historia ndefu katika ushairi wa Kiswahili. Katika majigambo anayonasibishwa nayo, Fumo Liyongo hujifananisha na simba asiyeogopa kufa. Mamba, kwa upande wake, hujigamba kwamba hatakufa. Lugha ni ya kishujaa vilevile, ila ujasiri haumo tena.

Kumfasiri mamba kuwa ni Kenyatta kunakubalika kihistoria, lakini kunalifinya shairi. Mtunzi anatangaza tangu ubeti wa kwanza kwamba anafumba ili wawezao wafumbue, na hamtaji mtu wala cheo. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.