Mpango wa Kudhibiti Taka, Vumbi, Kelele na Maji Katika Ujenzi wa Jengo la Makazi Mjini

Mpango wa kudhibiti taka na uchafuzi katika eneo la ujenzi ni hati inayoeleza, kabla ya kazi kuanza, uchafu utakaozalishwa, njia ya kuuzuia, mtu atakayewajibika na namna utekelezaji utakavyokaguliwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 (Sura ya 191) inaitaka miradi iliyoainishwa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kutekelezwa. Mpango huu ni sehemu ya tathmini hiyo, nao humfunga mwendelezaji katika kipindi chote cha ujenzi.

Katika jengo la ghorofa linalozungukwa na makazi, vumbi, kelele na maji havidhibitiwi kila kimoja peke yake. Maji yanayomwagwa kutuliza vumbi yakizidi huwa tope. Tope likifika barabarani hukauka na kuwa vumbi tena, na mvua ikinyesha huingia katika mtaro na kuuziba. Pampu inayoondoa maji shimoni nayo, ikiendeshwa kwa jenereta usiku, huwanyima majirani usingizi. Mpango mzuri hutambulika kwa jinsi unavyounganisha mambo hayo.

Mfano wa jengo

Mfano unaotumika hapa ni wa jengo la ghorofa kumi lenye maegesho ya magari chini ya ardhi, katika kiwanja cha mita 30 kwa 40 jijini Dar es Salaam. Shimo la maegesho lina urefu wa mita 32, upana wa mita 25 na kina cha mita 3, yaani mita za ujazo 2,400. Udongo ukichimbwa hulegea na kuongezeka. Ongezeko likikadiriwa kuwa robo, udongo wa kubebwa utafikia mita za ujazo 3,000. Lori linalobeba mita za ujazo 15 litahitaji safari 200, sawa na siku kumi za kazi kwa safari 20 kila siku.

Taka

Hesabu hiyo ya safari ndiyo msingi wa ukaguzi. Kila lori linapotoka hupewa hati yenye namba ya gari, saa, aina ya mzigo na mahali unakopelekwa, na dereva hurudi na stakabadhi ya mahali palipopokea mzigo. Ikiwa lango limeandika safari 200 na stakabadhi zilizorejeshwa ni 140, basi mizigo 60 imemwagwa pasipojulikana, pengine katika bonde la mto au kiwanja cha mtu mwingine. Bila daftari hilo, upotevu huo hubainika pale tu mkondo wa maji unapozibwa.

Baada ya uchimbaji, taka hutenganishwa pale zinapozalishwa. Vipande vya nondo huuzwa kama chuma chakavu, mbao za kufungia zege hung'olewa misumari na kutumika tena, na vifusi safi vya matofali na zege hutumika kujazia. Makopo ya rangi, vimumunyishi na mafuta machafu huhifadhiwa chini ya paa, juu ya sakafu isiyopitisha kimiminika, hadi yachukuliwe na mwenye kibali. Mifuko ya saruji haichomwi kiwanjani, kwa kuwa moshi wake huhamishia uchafu kwa majirani.

Vumbi

Vumbi jingi la siku za uchimbaji hutoka katika njia ya malori na langoni. Kulowesha kiwanja chote kwa lita moja kwa kila mita ya mraba huhitaji lita 1,200. Kiasi hicho, kikirudiwa kadiri ardhi inavyokauka, hutuliza vumbi bila kufanya tope. Alama ya kuzidisha ni maji yanayotiririka kuelekea lango. Ndani ya lango hutandazwa kokoto kubwa, na matairi huoshwa hapo kabla lori halijatoka likiwa limefunikwa turubai.

Vumbi la kukata matofali, zege na vigae ni hatari zaidi, kwa sababu lina chembe laini za silika zinazofika ndani kabisa ya mapafu na kuyaharibu kwa miaka mingi. Hapa wavu wa kuzunguka jengo hautoshi, kwani chembe hizo hupenya. Njia sahihi ni mashine yenye maji kwenye meno ya kukatia, pamoja na barakoa maalumu kwa fundi.

Kelele

Umbali hupunguza kelele. Mahali pa wazi, kila umbali wa kutoka kwenye mashine unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Kuhamisha kompresa kutoka mita 5 hadi mita 20 kutoka dirisha la jirani huleta nafuu ya takriban desibeli 12 bila gharama kubwa. Katikati ya kuta ndefu nafuu hiyo huwa ndogo, kwa kuwa sauti hurudishwa na kuta.

Kelele za usiku mara nyingi husababishwa na ratiba mbovu. Sakafu ya jengo la mfano, yenye unene wa sentimita 20, huhitaji mita za ujazo 160 za zege. Pampu ikimwaga mita za ujazo 20 kwa saa, kazi inayoanza saa 1 asubuhi huisha saa 9 alasiri. Hata hivyo, kusawazisha uso kwa mashine husubiri zege lianze kushika, na malori yakichelewa saa nne, kazi huingia usiku wala haiwezi kukatishwa ovyo. Suluhisho ni sakafu kugawanywa katika sehemu mbili zinazomwagwa siku tofauti, kwa kiungio kilichoidhinishwa na mhandisi. Kila sehemu huchukua saa nne, hivyo hata ucheleweshaji hauvuki jioni.

Maji

Mvua ya milimita 50 katika kiwanja hiki huleta lita 60,000 za maji, sehemu kubwa ikikusanyika shimoni. Maji hayo hayasukumwi moja kwa moja mtaroni. Hupitishwa kwanza katika tangi la kutuamisha tope. Tangi la mita 6 kwa 2 lenye kina cha mita 1.5 huchukua lita 18,000; pampu ikitoa kiasi hicho kwa saa, maji hukaa humo takriban saa moja. Muda huo hutosha mchanga kutuama, lakini hautoshi kwa mfinyanzi, ambao huweza kuelea kwa siku kadhaa. Maji yanayotoka yakijazwa katika chupa angavu na bado yakawa na rangi ya udongo, pampu hupunguzwa kasi au tangi la pili huongezwa. Tope linapojaza theluthi ya tangi, huzolewa.

Maji ya kuoshea mashine za zege hayachanganywi na hayo. Ni makali mithili ya chokaa na huua viumbe wa majini, hivyo huelekezwa katika shimo lililotandikwa karatasi ya plastiki. Zege likiganda hutolewa kama kifusi. Kwa usiku, pampu ya umeme wa gridi inayozama majini hupewa kipaumbele kuliko jenereta.

Usimamizi na malalamiko

Mpango humtaja msimamizi mmoja anayekagua lango, tangi na mtaro kila asubuhi, na tena baada ya mvua, akiandika alichokiona na hatua iliyochukuliwa. Bango la nje huonesha namba yake ya simu. Mwananchi mwenye malalamiko huanza kwa msimamizi huyo, akieleza tarehe, saa na chanzo cha kero. Asiporidhika huyafikisha kwa ofisi ya serikali ya mtaa na afisa mazingira wa halmashauri, ambaye hulinganisha maelezo hayo na daftari la kiwanja.