Ratiba ya Ramadhani ya Baba, Maskati 1983

Miongoni mwa makaratasi aliyoyaacha marehemu baba imo karatasi moja iliyokunjwa mara nne, ambayo juu yake ameandika kwa herufi za Kiarabu: Ramadhani 1403. Mwezi huo uliangukia Juni na Julai 1983. Ni ratiba ya siku nzima ya nyumba yetu ya Maskati, na saa zake zote ni za Kiswahili, kama alivyozoea Unguja.

Ili msomaji aielewe, hana budi kwanza kujua tofauti ya usiku wa miji hii miwili. Unguja iko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo usiku wake haubadiliki sana mwaka mzima. Mwezi Juni, kutoka Magharibi mpaka Alfajiri hupatikana kiasi cha saa kumi na moja. Katika muda huo watu walifuturu, wakasali Isha na Tarawehe, wakala chakula cha usiku, wakalala, kisha wakaamshwa na ngoma za daku. Maskati mwezi huo huo jua huchwa karibu na saa moja ya usiku, na Alfajiri huingia kabla ya saa kumi. Usiku wote ni kiasi cha saa tisa, na Tarawehe haimaliziki ila saa tatu na nusu. Sisi tuliohama katika miaka ya sabini tulikuja na milo mitatu ya usiku wa Unguja, tukataka kuitia katika usiku uliopungua saa mbili.

Baba alilitatua jambo hili kwa kuugawa usingizi mafungu matatu. Fungu la kwanza lilikuwa tangu saa nne na robo usiku mpaka saa tisa kasorobo, wakati wa daku. La pili lilifuata sala ya Alfajiri, likaishia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ofisini tulianza kazi saa mbili, tukasali Adhuhuri huko huko, na tukatoka saa saba. Fungu la tatu, ambalo Waarabu huliita kailula, lilianza saa nane na kukatwa na adhana ya Alasiri. Ukijumlisha, mwanamume wa nyumba ile alilala saa nane kamili, na kazini hakusinzia. Kwa miaka mingi niliiona ratiba hiyo kuwa ya busara kubwa.

Lakini mama hakuwamo ndani yake. Yeye alilala saa tano, baada ya kuosha vyombo, akaamka saa nane kupika wali wa daku. Baada ya Alfajiri alipata saa moja na nusu tu, na mchana hakulala, kwa kuwa saa nane alikuwa akisaga mchele wa mkate wa kumimina. Huko Unguja saa hiyo ndiyo iliyofaa: mchele ulioroweshwa tangu asubuhi husagwa kwa tui, hutiwa hamira, nao huumuka polepole mpaka Alasiri. Katika jiko la Maskati wakati wa kiangazi, unga huo huumuka kwa nusu ya muda, kisha huchacha. Dalili yake ni mapovu makubwa juu na harufu kali inayoushinda utamu wa iliki.

Siku moja ya kumi la pili, tuliporudi kutoka msikitini baada ya Alasiri, tulimkuta mama amelala ameketi juu ya mbuzi, kifuu cha nazi mkononi. Unga ulikuwa umefurika bakuli, ukatiririka mpaka sakafuni. Baba hakumwamsha. Alituamuru tupanguse sakafu bila kelele, na jioni ile tulifuturu kwa tende, maziwa ya laban na uji wa pilipili manga.

Usiku huo ndipo alipoichukua ile karatasi akaongeza mistari minne kwa wino mwingine. Chakula cha usiku kiondolewe, kiunganishwe na daku. Daku ipikwe mara baada ya Isha, ili kabla ya Alfajiri ipashwe moto tu. Nazi zikunwe na vijana wa kiume. Mchele usisagwe ila saa kumi jioni, na kabla yake mama alale.

Mstari huo wa mwisho aliupigia mstari chini. Tangu hapo mama akapata usingizi wa mchana wa saa moja na nusu, na mkate haukuchacha tena. Mimi nilijifunza kukuna nazi nikiwa karani mwenye umri wa miaka ishirini na kitu, nikiona haya majirani wasinione.

Ninaiweka karatasi hii hapa kwa ajili ya wajukuu wanaouliza jinsi wazee wao walivyofunga katika joto lile. Waisome yote, wino wa kwanza na wa pili. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.