Duka lako: Uagize mzigo lini kabla unga haujaisha?

Wenye maduka wengi huagiza mzigo wakiona rafu imebaki tupu. Hapo wameshachelewa, maana mteja aliyekosa unga leo ananunua kwa jirani, na huko huko anabeba sukari na sabuni.

Dawa yake ni kuwa na kiwango cha kuagiza: idadi ambayo bidhaa ikishafika hapo, unampigia simu msambazaji siku hiyo hiyo.

Hesabu yake ikoje?

Chukua duka la mtaani linalouza unga wa sembe, pakiti za kilo 2. Kwa wastani zinatoka pakiti 8 kwa siku. Mzigo ukiagizwa, kawaida unafika baada ya siku 3. Kwa hiyo wakati wa kusubiri zitauzwa 8 × 3, yaani pakiti 24.

Lakini mwisho wa mwezi zinatoka hadi 12 kwa siku, na gari likikwama mzigo unachukua siku 5. Hali hiyo mbaya inahitaji 12 × 5, yaani pakiti 60. Toa zile 24, inabaki 36. Hiyo ndiyo akiba ya tahadhari.

Jumlisha 24 na 36: kiwango cha kuagiza ni pakiti 60. Kama kuna mzigo umeshaagizwa na bado uko njiani, uhesabu pia, la sivyo utaagiza mara mbili.

Daftari likidanganya

Hesabu hii haina maana kama daftari linasema 60 na rafuni ziko 51. Utadhani ndiyo kwanza umefika kwenye kiwango, kumbe umeshakipita kwa pakiti 9.

Ndiyo maana bidhaa zinazotoka haraka zihesabiwe kila wiki, asubuhi kabla ya kufungua. Zinazotoka taratibu, mara moja kwa mwezi inatosha. Ukikuta tofauti, usirekebishe namba tu. Tafuta sababu: mkopo haukuandikwa, pakiti zilipelekwa jikoni nyumbani, panya wamepasua, au mzigo ulipokelewa bila kuhesabiwa.

Utajuaje kiwango hakifai?

Angalia kilichobaki siku mzigo unapofika. Kwa wastani ziwe zimebaki kama 36. Kila mara ukikuta nyingi zaidi, mauzo yameshuka na hela yako imelala rafuni. Ukikuta mbili tatu kila mara, mauzo yamepanda au msambazaji anachelewa, hivyo piga hesabu upya. Fanya hivyo pia kabla ya Ramadhani na sikukuu.

Njia hii haifai kwa mkate au maziwa freshi. Akiba kubwa ya vitu hivyo itaharibika kabla haijauzwa.