Hati ya Uwakilishi Itumikayo Urusi: Uthibitisho, Tafsiri na Majina

Hati ya uwakilishi ni maandishi ambayo mtu humpa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake. Mtanzania mwenye mali nchini Urusi anaweza kumpa ndugu aishiye huko hati hiyo ili aiuze au kuisimamia.

Njia ya kwanza ni kutia saini mbele ya ofisa wa kibalozi wa Urusi jijini Dar es Salaam. Hati huandikwa moja kwa moja kwa Kirusi, hivyo haihitaji tafsiri wala uhalalishaji zaidi. Asiyejua Kirusi husomewa maudhui na mkalimani kabla ya kutia saini.

Njia ya pili ni kuandaa hati kwa wakili mwenye mamlaka ya kuthibitisha nyaraka. Saini na muhuri wake huthibitishwa na mamlaka za Tanzania, ikiwemo Wizara ya Mambo ya Nje, kisha hati huhalalishwa na Ubalozi wa Urusi. Uhalalishaji huo huthibitisha saini na muhuri, si usahihi wa maudhui. Tafsiri ifanywe baada ya muhuri wa mwisho, kwa kuwa kila muhuri nao hutafsiriwa. Nchini Urusi, mthibitishaji wa hati huthibitisha saini ya mfasiri.

Chukulia mfano wa mama aitwaye Mwajuma, aliyerithi nyumba mjini Voronezh na kumtuma mwanawe aiuze. Katika hati ya umiliki, herufi "j" ya jina lake iliandikwa kwa herufi mbili za Kirusi zenye sauti ya "dzh", ilhali tafsiri mpya imetumia herufi moja yenye sauti ya "zh". Kwa msajili wa ardhi hayo ni majina mawili tofauti, na usajili unaweza kusitishwa. Kwa hiyo, mfasiri apewe nakala ya hati ya umiliki kabla ya kuanza kazi.

Maneno ya mamlaka nayo yawe bayana. Neno "kusimamia" pekee halitoshi kuuza. Hati itaje anwani ya nyumba, mamlaka ya kutia saini mkataba, kuwasilisha maombi ya usajili na, iwapo mwenye mali ameridhia, kupokea fedha. Kwa mali ya wanandoa iliyopatikana ndani ya ndoa, ridhaa ya mwenza iliyothibitishwa huandaliwa kama hati tofauti.

Kwa mujibu wa Kifungu cha 186 cha Sheria ya Madai ya Urusi, hati isiyo na tarehe ya kutolewa ni batili, na isiyotaja muda wa matumizi kwa kawaida hudumu mwaka 1. Aidha, mamlaka hukoma mtoaji anapofariki. Mama huyo akifariki kabla ya mauzo, mwanawe hawezi kuendelea kwa hati hiyo. Suala huhamia kwenye mirathi.