Debe moja, vipimo viwili

Huku Kizota, jirani na maghala ya hifadhi ya chakula, hakuna mtu mzima asiyejua tofauti ya gunia na lumbesa. Wakulima wawili wanaweza kuja na habari ya gunia kumi kila mmoja, na wote wakawa wakweli, lakini mmoja kashona mdomo wa gunia sawasawa na mwenzake kalipandisha kichwa. Karani akiandika "kumi" na "kumi" katika daftari lake, daftari litakuwa safi, ila mahindi hayatalingana.

Nimeanza na mahindi kwa sababu wiki hii nataka kuzungumzia orodha inayopitishwa katika semina za walimu. Nilionyeshwa nakala yake na mwalimu mmoja ambaye kamati ya shule yao ilikuwa na fedha kidogo, na baadhi ya wajumbe walitaka ziende kwenye vitu vilivyo juu ya orodha, basi. Ndani yake njia za kufundishia na mambo mengine ya shule yamepangwa kama timu za ligi, kila moja na namba yake ya desimali. Namba hiyo wataalamu huiita ukubwa wa athari.

Hebu tuone inavyopatikana. Tuseme darasa lililofundishwa kwa njia mpya limepata wastani wa alama 55, na darasa lisilofundishwa hivyo limepata 50. Tofauti ni alama 5. Tofauti hiyo hugawanywa kwa mtawanyiko wa alama, yaani kipimo cha jinsi wanafunzi walivyoachana, kuanzia anayeongoza hadi anayeburuta mkia. Mtawanyiko ukiwa 20, jibu ni 0.25. Sasa ipeleke njia ile ile katika shule inayochagua wanafunzi hodari watupu. Hao hawaachani sana, na mtawanyiko wao tuseme ni 10. Wakiongeza alama zile zile 5, jibu linakuwa 0.50. Njia imepanda ngazi mara mbili, na hakuna mtoto aliyejifunza zaidi ya mwenzake.

Mtindo wa kukusanya namba hizi una umri wa karibu nusu karne. Mwaka 1976 mtafiti wa Kimarekani, Gene Glass, akihutubia chama cha watafiti wa elimu alichokuwa rais wake, aliupa jina uchambuzi wa chambuzi: kuchukua tafiti nyingi zilizokwisha kufanyika, kuzigeuza zote kuwa namba za aina moja, na kutafuta wastani. Wakosoaji walimwambia anachanganya machungwa na matufaa. Yeye alijibu kwamba hakuna ubaya ikiwa unachunguza matunda. Kwa maoni yangu jibu hilo lina akili, lakini linatosha kwa mtu anayetaka kujua matunda kwa ujumla. Halimtoshi anayetaka kujua tunda lipi ni la kwanza na lipi la mwisho.

Mwaka 2009 John Hattie, msomi kutoka New Zealand, alitoa kitabu kilichokusanya chambuzi zaidi ya 800 na kupanga mambo 138 katika ngazi moja, akiweka 0.40 kama mstari ambao jambo likiwa juu yake lina thamani ya kufuatwa. Ngazi hii ndiyo iliyoenea duniani. Lakini tazama aliyekaa kileleni, kwa 1.44: ni uwezo wa mwanafunzi kukisia alama atakazopata. Hiyo si njia ya kufundisha hata kidogo! Ni habari kwamba mtoto anajijua. Imewekwa mstari mmoja na mambo ambayo mwalimu anaweza kuyafanya Jumatatu asubuhi, kwa sababu tu nayo iligeuzwa kuwa desimali.

Kwa jirani zetu wa Kenya kuna kisa kinachoonyesha jambo hili vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Busia na Teso, watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walichunguza mabango ya kufundishia, yale makaratasi makubwa yenye michoro ambayo mwalimu huyafunua moja baada ya jingine. Kwanza walilinganisha shule zilizokuwa tayari na mabango na zile zisizokuwa nayo. Wenye mabango walikuwa mbele kwa karibu 0.2. Kisha wakachukua shule 178, wakatoa mabango kwa nusu yake bila upendeleo, nusu nyingine zikabaki bila. Safari hii faida ilikuwa sifuri au karibu nayo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Maelezo yake si magumu: shule inayomudu kununua mabango huwa pia na wazazi wenye uwezo au mwalimu mkuu mwenye bidii, na hesabu ya kwanza iliwapa mabango sifa ya watu hao. Sasa jiulize, katika ligi, bango liandikwe 0.2 au sifuri? Ngazi inayochukua tafiti za namna zote mbili itaandika kitu cha katikati, ambacho si kweli kwa yeyote.

Na hapa kwetu? Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule za msingi 350 kwenye wilaya 10, mojawapo ikiwa Kondoa ya mkoa wetu wa Dodoma. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Shule 70 nyingine, walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu Kiswahili, Kiingereza au hesabu. Shule 70 zilipata vyote viwili, na 140 hazikupata kitu ili ziwe za kulinganishia. Isaac Mbiti, Karthik Muralidharan na wenzao walitoa matokeo mwaka 2019. Ruzuku peke yake haikuongeza alama. Vyote viwili kwa pamoja viliongeza.

Viliongeza kiasi gani? Hapo ndipo nilipotaka kufika. Watoto walipimwa kwa mitihani miwili tofauti. Mmoja ulikuwa wa watafiti, ambao hakuna mwalimu aliyelipwa kwa ajili yake. Huo ulitoa 0.23. Mwingine ulikuwa ule wa kuhesabia bonasi. Huo ulitoa 0.36. Kwa shule za bonasi pekee pengo lilikuwa wazi zaidi: mtihani wa bonasi ulitoa 0.21, na ule mwingine ulitoa tofauti ndogo ambayo kwa masomo mengi haikuweza kutenganishwa na bahati. Sidhani kuna aliyeiba mtihani, maana wasimamizi walitoka nje ya shule. Inawezekana mwalimu mwenye bonasi mbele yake alihakikisha watoto wanafika siku ile na wanakaza akili. Hiyo nayo ni kazi, ila si kitu kile kile na kujua kusoma.

Watafiti wenyewe waliziandika namba zote mbili, kila moja na mtihani wake, ndiyo maana leo naweza kuwasimulia. Lakini mtengeneza ligi ana nafasi ya namba moja tu katika mstari wa "bonasi kwa walimu". Akichukua 0.21, bonasi inapanda. Akichukua ile nyingine, inashuka hadi chini kabisa, na shule ni zile zile, walimu ni wale wale, mwaka ni ule ule.