Damu ya Mwisho wa Mkojo: Ushahidi wa Kichocho kwa Mtoto wa Malinya

Na tuchukue mfano wa mtoto wa miaka 10, mkaazi wa Malinya katika kaunti ya Kakamega, ambaye mwezi wa Desemba anamwambia mamaye kwamba akojoapo, mkojo hutoka mweupe kama kawaida, kisha matone ya mwisho yakawa mekundu. Hana homa, uso haukumvimba, na isipokuwa mchomo kidogo anapomaliza haja yake, halalamikii maumivu. Kila Jumamosi huoga na wenziwe katika Mto Yala. Na likizo ya Agosti aliimaliza kwa mjombawe huko Msambweni, katika kaunti ya Kwale, ambako kulikuwa na dimbwi ambalo watoto walilipenda. Wazee wa mtaa watauhukumu Mto Yala, kwa kuwa ndio maji yaliyo mbele ya macho yao. Nia ya makala haya ni kubainisha kwamba damu hiyo ni ushahidi wenye nguvu wa kichocho cha mkojo, walakini ushahidi huo hauna maana kamili mpaka uulizwe mambo matatu: imetoka wakati gani wa mkojo, mtoto alioga maji ya wapi, na tangu aoge muda gani umepita.

Tuanze na damu yenyewe. Minyoo ya kichocho cha mkojo, dume na jike, huishi wameshikamana ndani ya vena zinazokizunguka kibofu, na jike hutaga mayai ambayo kila moja lina mwiba mdogo nchani. Baadhi ya mayai hayo hupenya ukuta wa kibofu na kutoka na mkojo. Mengine hunaswa humo humo, na mwili, katika kupigana nayo, huufanya ukuta uvimbe, utokwe na vidonda na uvuje damu. Kibofu kinapojikamua kumalizia matone yake ya mwisho, misuli hupabana mahali palipoumizwa, na hapo damu hutoka. Ndiyo sababu aghalabu huonekana mwishoni, wala si mwanzoni. Damu itokayo katika figo, kinyume chake, huchanganyika na mkojo wote tangu juu, ikaupa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Na mtoto mwenye maradhi hayo ya figo, ambayo mara nyingi hufuata kidonda cha koo au vidonda vya ngozi, huamka asubuhi macho yamevimba na mkojo umepungua. Tafauti hii si kanuni isiyovunjika, kwani kichocho kikizidi huweza kuutia wekundu mkojo wote, bali ni dalili ya kwanza ya kumwelekeza tabibu.

Swali la pili ni la maji, na jibu lake limo katika konokono. Yai likifika katika maji baridi yasiyo ya chumvi hupasuka, na kiumbe kidogo kitokacho humo sharti kimpate konokono wa jamii ya Bulinus, la sivyo hufa. Kikimpata, huzaana ndani yake, na baada ya mwezi mmoja au zaidi konokono huachia mabuu wenye mikia ya panda, ambao hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, saa zile zile watoto wanapokuwa majini, na huipenya ngozi kwa dakika chache tu. Robert Leiper ndiye aliyeithibitisha njia hii huko Misri mwaka wa 1915, miaka 64 baada ya Theodor Bilharz kumgundua mnyoo huyo mjini Kairo. Kwa hiyo maji hayadhuru kwa kuwa ni machafu. Hudhuru pale penye konokono anayestahiki na pale ambapo mtu mwenye maradhi amekojoa, na mambo hayo mawili yasipokutana, hakuna kichocho.

Hapa ndipo jiografia inapotulazimisha tutafautishe. Pwani ya Kenya, Kwale na bonde la Tana, pamoja na Unguja na Pemba, ni makao ya kale ya kichocho cha mkojo. Ufukweni mwa ziwa kubwa la Nyanza kinachotawala ni kichocho cha matumbo, ambacho huchukuliwa na konokono mwingine mwenye gamba bapa, na mayai yake, yenye mwiba ubavuni, hutoka na choo. Damu yake basi hutafutwa chooni, si mkojoni, ingawa bara ya Nyanza yako madimbwi yaliyo na kichocho cha mkojo. Malinya ni nchi ya vilima, na mito yake huenda kwa kasi, na mkondo mkali huwasomba konokono. Lau mtoto wetu angekuwa na damu mkojoni naye hajapata kutoka Malinya, ningesita kuulaumu Mto Yala, na ningeuliza kwanza habari za madimbwi yaliyotuama, mabwawa ya samaki na mashimo ya wachimba dhahabu yaliyojaa maji.

Swali la tatu, la muda, ndilo husahauliwa mno. Tangu mabuu waingie ngozini mpaka minyoo wapevuke na mayai yaonekane mkojoni, hupita miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo kuoga katika Mto Yala juma lililopita hakuwezi kuwa asili ya damu ya leo. Kuoga Msambweni mwezi wa Agosti kwaweza, na hesabu inalingana. Wala tusidhani kwamba safari ya zamani haina hatia, kwani minyoo huweza kuishi miaka kadhaa mwilini.

Yote haya ni dhana iliyojengwa vema, nayo haina budi kuthibitishwa. Mkojo uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi, na matone ya mwisho yasiachwe. Mililita 10 zipitishwe katika chujio, kisha chujio litazamwe kwa darubini. Mayai 50 au zaidi katika kiasi hicho huhesabiwa kuwa maambukizo mazito. Yasipoonekana siku ya kwanza, upimaji urudiwe siku nyingine, kwa kuwa mayai hayatoki kwa kiasi kimoja kila siku. Karatasi ya kupimia mkojo huonyesha damu tu, haisemi imetoka wapi. Na katika magharibi ya Kenya, ambako selimundu si haba, figo za mwenye selimundu nazo huweza kuvuja damu, sawasawa na mawe ya figo. Kwa msichana aliyekaribia kubaleghe, hedhi nayo iulizwe kwa staha.

Mayai yakionekana, dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 25 hupewa miligramu 1000 hivi, kwa siku moja. Dawa hii huua minyoo waliopevuka, lakini wachanga huiponyoka. Ndiyo maana aliyetibiwa mara tu baada ya kuoga hupimwa tena baada ya majuma machache. Kwa mtoto wetu, aliyeoga mwezi wa Agosti na kutibiwa Desemba, minyoo wake wamekwisha kupevuka.

Basi muuguzi wa zahanati ya kijijini, kabla ya kumwuliza mama iwapo mwanawe huoga mtoni, na aulize hivi: “Mama, miezi mitatu iliyopita na kabla ya hapo, mtoto huyu alikuwa wapi?” Jibu la swali hilo ndilo liupao wekundu ule wa matone ya mwisho maana yake, na ndilo liamualo kama tutafute yai lenye mwiba au tuigeukie figo.