Una jina kali la brandi Kisumu? Cheki rejista kabla mwingine akuwahi

Tuseme uko Kondele, unachapisha tisheti na kofia. Mbogi yako imekubaliana jina: NAM KISUMU. Nam ni ziwa kwa Dholuo, hiyo kila msee wa huku anajua. (Jina tumelitunga tu hapa, usianze kulitafuta Kibuye.) Umeingia eCitizen, ukasajili jina la biashara, cheti kikatoka. Sasa unatembea ukisema jina ni lako.

Pole, bado. Hicho cheti kinasema tu kuwa wewe ndiye unafanya biashara chini ya hilo jina. Hakimzuii msee wa Mbita kuchapisha NAM KISUMU kwa tisheti zake. Cheti cha kumzuia ni cha alama ya biashara, na kinatoka ofisi tofauti kabisa, KIPI, chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura 506. Ofisi hizi mbili zina rejista mbili. Jina linaweza kupita kwa moja na likagonga ukuta kwa nyingine.

Hebu kwanza tuone cheti cha KIPI kinalinda nini, maana hapo ndipo wasee wengi hujichanganya. Kikija, usiangalie tu muhuri. Soma alama yenyewe jinsi ilivyochorwa, halafu soma darasa. Bidhaa na huduma zote duniani zimegawanywa kwa madarasa 45. Nguo, viatu na kofia ziko darasa la 25. Mkahawa uko la 43. Samaki aliyekaushwa ama kugandishwa ni la 29, lakini samaki hai ni la 31. Ukisajili NAM KISUMU darasa la 25 pekee, jirani akifungua hoteli ya samaki Dunga kwa jina hilo hilo, cheti chako hakina meno ya maana kwake. Hiyo ndiyo sababu unachagua darasa kulingana na kitu unachouza kweli, na kile unapanga kuuza karibuni.

Halafu kuna mstari mdogo ambao watu huruka: kanusho. Sheria haipendi mtu mmoja amiliki jina la mahali, wala neno linaloeleza bidhaa yenyewe. Kwa hivyo msajili anaweza kukubali NAM KISUMU, lakini aandike kwamba usajili haukupi haki ya peke yako juu ya neno KISUMU. Maana yake ni kwamba uzito wote wa alama yako umebaki kwa NAM. Msee wa OBAMBO KISUMU yuko sawa, huwezi kumgusa. Ndiyo maana jina kama KISUMU FISH kwa kuuza samaki ni noma: toa jina la mji, toa neno la samaki, hakuna kitu kimebaki cha kulinda.

Kingine ni nchi. Cheti cha KIPI kinafanya kazi Kenya tu. Unakumbuka kelele za 2018 kuhusu Disney na HAKUNA MATATA? Disney waliomba Marekani 1994, wakapata usajili 2003, kwa tisheti. Watu walidhani Waswahili wamenyang'anywa lugha. Kumbe usajili wa Marekani haumzuii mtu Kibuye kuchapisha hayo maneno, wala haumzuii mtu yeyote kuyasema. Lakini ni hivyo hivyo kwako: ukivuka Busia kwenda Uganda, cheti chako cha Kenya unakiacha nyumbani.

Kikishatoka, cheti kinadumu miaka 10, kuhesabu kutoka siku uliyowasilisha ombi, halafu unakihuisha. Usipoitumia alama kwa miaka mitano, mtu anaweza kuomba iondolewe.

Sasa tuingie kwa rejista. Anza na msako wa bure. Database ya WIPO iko branddb.wipo.int. Ni muhimu kwa sababu kampuni za nje zinaweza kusajili alama zao hadi Kenya kupitia mfumo wa Madrid bila kukanyaga hapa, na alama hizo zinakuzuia sawa na za Wakenya. Andika jina, chagua Kenya, chagua darasa la 25. Halafu pitia majarida ya KIPI, yale yanayotangaza maombi mapya. Yako kwa tovuti yao, kipi.go.ke, na unaweza kuyapitia ukitafuta darasa lako.

Kosa kubwa la watu ni kuandika jina lao kamili mara moja, wakiona sufuri wanasherehekea. Msajili hatafuti jina lile lile tu. Anatafuta linalofanana kiasi cha kumchanganya mnunuzi: kwa macho, kwa masikio na kwa maana. Kwa hivyo kwa jina letu, weka KISUMU kando na utafute NAM. Halafu NAMU, maana sisi Waswahili huongeza irabu mwisho. Halafu NAAM, NAHM, NYAM. Halafu tafsiri: ZIWA na LAKE, kwa sababu wazo ni moja.

Tuseme umepata NAMU darasa la 25, bado hai. Hapo una shida. Sauti karibu ni moja, bidhaa ni zile zile, na kuongeza KISUMU hakusaidii sana kwani mnunuzi atadhani ni NAMU wamefungua tawi la Kisumu. Badilisha jina mapema, kabla hujalipa mchapishaji. Lakini ukipata NAMU darasa la 7, mashine, pumua. Mnunuzi wa kofia hachanganyikiwi na pampu ya maji, isipokuwa alama yenyewe iwe maarufu sana. Ukiona alama imeondolewa kwa kutolipiwa, usiikimbilie haraka. Aliyeiacha ana mwaka mmoja ambapo inaweza bado kuhesabiwa kana kwamba iko.

Baada ya hapo, fanya msako rasmi. Fomu ni TM27, ada ni ngiri tatu (3,000) kwa kila darasa. KIPI wanapitia rejista yao na kukujibu kwa maandishi kama jina linaweza kusajiliwa na kama kuna alama inayogongana nalo. Ombi lenyewe ni fomu TM2, 4,000 kwa darasa la kwanza, na zipo ada nyingine za kutangaza na za cheti. Kwa hivyo ukiruka TM27 kuokoa ngiri tatu, unaweka hatarini doo ya ombi zima.

Ila majibu ya TM27 yana mipaka miwili. Ni picha ya siku hiyo tu. Mwingine akiwasilisha ombi kesho yake na wewe ukingoja mwezi, amekutangulia. Ukipata jibu safi, peleka TM2 wiki hiyo hiyo. Mpaka wa pili ni kwamba rejista haimwoni msee ambaye hajasajili kitu. Kama kuna mtu Homa Bay amekuwa akiuza kofia za NAM miaka sita kabla yako, anaweza kuendelea hata ukipata cheti. Na ombi lako likitangazwa kwa jarida, ana siku 60 za kulipinga. Kwa hivyo tafuta jina Instagram na TikTok, halafu piga raundi Kibuye na Jubilee ukiuliza wauza nguo.

Na ukiwa bado unangoja cheti, weka TM tu kando ya jina. Ile R ndani ya duara ni ya alama iliyosajiliwa, na kuiweka mapema ni kosa kisheria.